Saini Mbili

Mume wangu alishinda ubishi mmoja mkubwa maishani mwake, na ubishi ule ndio uliotutoa dukani.

Duka letu lilikuwa la kukata vioo: vya madirisha, vya kabati, vya kujitazamia. Katikati palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, ambayo Fundi, yaani mume wangu, aliipigilia sakafuni kwa boliti ili isitikisike kioo kikiwa juu yake. Mimi nilipima madirisha ya watu na kupokea wateja. Fundi na mdogo wake, shemeji yangu, walianza pamoja biashara hiyo, na mkataba wa upangaji waliusaini wote wawili, wa miaka saba. Hata mwaka haujaisha, shemeji akahamia kampuni ya madirisha ya alumini, akaondoka na mteja wetu mkubwa. Tangu hapo Fundi hakumtaja kwa jina. Akilazimika sana alisema "yule."

Mwenye jengo tulimwita Mzee Funguo, kwa sababu mlio wa kitita cha funguo kiunoni ulimtangulia kufika. Mkataba ulimruhusu kupandisha kodi mara moja tu, katikati ya muda, mradi atoe notisi ya maandishi kabla ya tarehe iliyotajwa. Tarehe ikimpita, kodi inabaki ile ile mpaka mwisho. Barua yake ikaja, na kodi aliyoitaka ilinikausha mate.

Fundi akaenda kwa mama wakili, aliyekuwa na ofisi juu ya duka la dawa za mifugo. Mama wakili akasoma mkataba ukurasa kwa ukurasa, akaweka kidole kwenye kifungu kimoja: kila notisi lazima itolewe kwa wapangaji wote, au na wapangaji wote. Barua ya Mzee Funguo iliandikiwa Fundi peke yake. Mama wakili akajibu kwamba mpangaji mmoja si wapangaji, kwa hiyo notisi ile ni batili. Na jibu aliliweka mpaka tarehe ikapita kwanza, maana hakuwa mjinga.

Tukabaki na kodi ya zamani huku majirani wakilia na mpya. Fundi akavimba kichwa. Kila aliyeingia kununua hata kipande cha kioo cha fremu alisimuliwa habari ile, na mimi nikicheka naye, nisidanganye. Mzee Funguo alipokuja siku moja alimwambia tu, "Sawa, Fundi. Umenisomesha."

Miaka ikakatika. Mkataba huo huo ulitupa haki ya kuuhuisha kwa miaka saba mingine, kwa kodi ya soko. Masharti yalikuwa mawili: tusiwe na deni, na notisi yetu imfikie miezi mitatu kabla ya mwisho. Tukiitoa sawasawa, Mzee Funguo hana la kukataa, hata awe anakitaka chumba kwa ajili ya nani. Deni hatukuwa nalo.

"Nenda kwa mdogo wako," nilimwambia Fundi.

"Kufanya nini?"

"Asaini. Jina lake limo."

"Nikampigie magoti mtu aliyelikimbia duka? Nani analipa kodi hapa, mimi au yule?"

"Basi nenda kwa mama wakili akuandikie."

"Mkataba huu naujua kuliko yeye."

Akaiandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, akasaini chini. Niliiona ile saini moja imekaa peke yake kwenye karatasi, nikasema, "Baba, nafasi ya mwenzako iko wapi?" Akanitazama kama mimi ni mteja aliyeleta vipimo vya uongo. Akaipeleka ofisini kwa Mzee Funguo, akarudi na nakala iliyogongwa muhuri, akaitundika ukutani.

Mzee Funguo akakaa kimya. Sisi tukauita ukimya ule kukubali.

Jibu lilikuja siku chache baada ya muda wa notisi kupita. Mkataba ukiisha, alisema, anakitaka chumba chake ili binti yake afungue famasia. Notisi yetu ni batili, imetolewa na mpangaji mmoja. Na nyuma ya barua aliambatisha nakala ya barua yetu wenyewe ya miaka ile.

Mama wakili aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa. "Fundi, haya ni maneno yangu."

"Hakuwa na wajibu wa kutuambia mapema?" niliuliza. "Alinyamaza makusudi!"

"Kunyamaza si kosa, mama. Halazimiki kuturekebishia barua."

"Na lile baraza la kesi za wapangaji wa maduka?"

"Sheria huko inawalinda wasio na mkataba wa maandishi, au wenye mikataba mifupi. Wa kwenu ni wa miaka saba, unasimama kwa masharti yake. Mahakamani naweza kwenda, lakini nitasimama mbele ya jaji nikibishana na saini yangu."

Fundi aliichukua barua. Alitoka, nami nikamfuata, na miguu yake ikatupeleka bila kuambiana mpaka kwenye karakana ya alumini. Shemeji alitoka na miwani ya kazi kwenye paji la uso. Nilimweleza mimi, kwa sababu mume wangu alikuwa anautazama mlango. Shemeji alichukua karatasi ya notisi mkononi mwangu, akaiegemeza ukutani, akasaini. Hakuuliza hata swali.

"Shemeji, ni hii tu?" akasema.

Ilikuwa hiyo tu. Mama wakili aliipeleka siku ile ile, na jibu lilikuwa la mstari mmoja: muda umepita.

Nilimchukia mume wangu wiki hizo. Nilimchukia na kumpikia, nikamchukia na kumfulia. Halafu siku ya kuhama nikamwona amepiga magoti akifungua zile boliti za meza, kwa sababu mkataba ulidai chumba kirudishwe kama kilivyokuwa, nikashuka chini kumshikia taa. Alijaza saruji kila tundu na kulisawazisha kwa kiganja. Watoto wetu walisomeshwa kwa vioo vilivyokatwa juu ya meza ile, na haikuwa na pa kwenda. Nyumbani haipiti mlangoni; tukaibomoa.

Mzee Funguo alikuja kukagua. Alipita ukuta kwa ukuta, hakuona kasoro. Fundi akasaini hati ya kukabidhi, akamnyooshea funguo. Mzee hakuzipokea.

"Nafasi za saini ni mbili, Fundi. Mpangaji mmoja hawezi kunirudishia chumba. Mkilala na funguo, kesho nawadai kodi wote wawili."

Nikampigia shemeji simu. Alifika na nguo za kazi, vumbi la alumini kwenye nywele. Alisimama mlangoni akiitafuta meza kwa macho, kisha akaona saruji mbichi sakafuni, akaikwepa asiikanyage.

"Kaka," alisema, "ungeniita siku ile ningekuja."

"Najua," alisema Fundi. "Nilijua, mdogo wangu. Ndiyo maana sikukuita."

Hapakuwa na meza, kwa hiyo Fundi aliinama, na mdogo wake akaiweka karatasi mgongoni mwa kaka yake, akasaini. Mzee Funguo akaisogeza kwenye mwanga, akazikagua saini zote mbili, ya kwanza, kisha ya pili.

"Sasa imekaa sawa," akasema, akachukua funguo.