Mkono wa Musembi na Maji ya Mto

Korti Kuu ilipokuja kuketi Kitui mwaka ule wa 1986, wakili Mumbua Kivuva alipewa kesi ambayo wenzake waliipitia juu juu wakasema imekwisha kabla haijaanza. Nzuki, mkulima wa upande wa Zombe, alishtakiwa kwa kumuua jirani yake Musembi. Hakuwa na uwezo wa kumlipa wakili, kwa hiyo serikali ndiyo iliyompa. Mumbua alizaliwa Kalamba, na alijulikana kwa jambo moja: akishaiona njia ya kesi, hababaiki. Njia ya hii aliiona siku ya kwanza alipokwenda gerezani kumsikiliza Nzuki.

Nzuki hakukana kitu. Mbuzi wa Musembi walikuwa wameingia katika shamba lake la ndengu wakati maua yanachanua, wakalila lote. Wakagombana. Hasira zikampanda, akamtandika Musembi kwa mpini wa jembe, mkono ukavunjika. Watu wakawatenganisha. Zahanati ikaufunga ule mkono kwa vipande vya mbao, ikasema akapigwe picha hospitali kubwa ya Kitui, leo au kesho, si mbio. Mzee Kiilu, mfanyabiashara na mzee wa kanisa, alikuwa anapeleka mzigo mjini kwa pikapu yake. Akawapakia Musembi na mkewe Ndinda.

Njiani wakaukuta mto umefurika. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, na maji mekundu yalipita juu ya drifti, kile kivuko cha saruji kilicholala mtoni, yakivuta magogo. Lori mbili zilikuwa zimesimama ng'ambo hii, madereva wamekaa chini wakingoja. Kiilu akaingia. Katikati ya mto gari likapinduka. Kiilu na Ndinda, waliokuwa mbele, walitoka dirishani. Musembi, aliyepanda nyuma penye mzigo, alikufa.

"Nilimpiga," Nzuki alimwambia Mumbua. "Hilo nitalisema mbele ya Mungu na mbele ya jaji. Lakini mto sikuuita mimi."

Wakili wa serikali alikuwa Evanson Karanja, mtu wa Murang'a, mpole na mwerevu. Hakupiga kelele hata mara moja. Aliwaeleza jaji na wazee washauri watatu walioketi naye kumpa maoni kwamba sheria ya Kenya haitaki pigo liwe ndilo chanzo pekee cha kifo. Aliyempiga mtu huhesabiwa kuwa amemuua hata kama kitendo cha mwingine kimeongezeka juu ya chake. Nzuki asingempiga Musembi, Musembi asingepanda lile gari. Kisha akalitoa jambo ambalo Mumbua alilitarajia tangu mwanzo: mtu mwenye mkono mmoja mzima atajiokoa vipi majini?

Daktari aliyeupasua mwili aliitwa. Akasema Musembi alikufa kwa kuzama. Mapafu yalijaa maji na mchanga. Mkono ulikuwa umevunjika mahali pamoja, na ungepona.

Mumbua alipopewa nafasi, alimwuliza daktari habari za mwili wa pili. Maana hakuzama Musembi peke yake. Nyuma ya pikapu alikuwamo pia Ndolo, mpakiaji mizigo wa Kiilu, kijana mwenye nguvu zake. Daktari akakubali kwamba huyo naye alimpasua, na Ndolo hakuwa na kidonda chochote kabla ya ajali. Watu walioitoa miili wakasema wote wawili walikutwa wamelaliwa na ubavu wa gari na magunia. Iliwabidi wafunge minyororo kwenye lori ndipo walinyanyue gari.

"Basi mkono mzima ungemsaidia nini Musembi?" Mumbua aliuliza.

"Haungemsaidia kitu," daktari akajibu.

Karanja aliandika jambo fulani, akafunga kalamu. Mumbua alijua hapo ameshinda nusu. Iliyobaki ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu ilimhusu mtu mwema. Katika maelezo yake kwa polisi, Kiilu alisema aliingia mtoni ili amwahi mgonjwa. Kama hilo lilikuwa kweli, pigo la Nzuki ndilo lililolisukuma gari majini, na mnyororo kati ya pigo na kifo ungali mzima. Aliyeumiza mtu hawezi kulalamika kwamba waliokimbia kumwokoa walikimbia mno.

Ndinda aliingia katika kizimba cha mashahidi akiwa na kitambaa cheusi kichwani. Mumbua alimpa pole kwanza, kisha akamwuliza kama mumewe alisema neno walipofika mtoni.

"Alisema tungoje," Ndinda alijibu. "Alisema, mkono huu hauniui, maji yapungue kwanza."

Ndinda alikuwa akimtazama Nzuki kwa chuki ambayo hakuificha, lakini alikuwa ameapa, na alichokisikia ndicho alichokisema.

Kesho yake akaja Kiilu. Mumbua hakuwa na hakika atajibu nini, na wakili hufundishwa asiulize asilojua jibu lake. Ila alikuwa amemwona mzee yule asubuhi, nje, akikwepa kukaa benchi moja na Ndinda. Akaamua kuuliza.

"Mzee Kiilu, mgonjwa mwenyewe alitaka kungoja. Lori zilikuwa zinangoja. Wewe uliharakia nini?"

Kiilu akamgeukia jaji, akauliza kama ni lazima ajibu, maana jibu lenyewe lingemweka pabaya. Jaji akamwambia ni lazima. Ila jibu atakalolazimishwa kutoa halitatumiwa kama ushahidi dhidi yake katika kesi nyingine ya jinai, isipokuwa akidanganya kiaponi.

Mzee alishika ubao wa kizimba.

"Mnunuzi wangu wa ndengu alikuwa anaondoka mjini jioni," akasema. "Sikuingia kwa ajili ya Musembi. Niliona nitapita tu, kama nilivyokuwa nikipita miaka yote. Ndolo aliniambia nisiingie. Musembi aliniambia. Nikaingia."

Alikaa chini bila kuambiwa.

Katika hoja zake za mwisho Mumbua hakumwonea mzee yule. "Musembi angekufa kwa dawa aliyopewa na daktari kwa nia njema na ujuzi wa kawaida, ningekubali Nzuki amemuua," alisema. "Angekataa hospitali, mkono ukaoza, ningekubali pia. Sheria inasema hivyo. Lakini jeraha hili halikumzamisha, halikumzuia kutoka, wala halikumfanya mtu yeyote aharakishe. Lilimweka garini tu. Baada ya hapo mtu mwingine, kwa hiari yake na kwa shughuli yake, aliingia katika mafuriko aliyoonywa. Hapo ndipo mnyororo ulipokatika."

Wazee washauri wawili walisema Nzuki hakuua. Wa tatu alisema aliua. Jaji akakubaliana na wale wawili. Kosa la kuua halikuthibitishwa. Lililothibitishwa ni kumjeruhi mtu vibaya. Nzuki alifungwa miaka minne. Alipokuwa akitolewa alimwinamia Mumbua, naye Mumbua akamwambia atakapotoka aende kwa Ndinda kabla hajafika nyumbani kwake mwenyewe.

Ndinda alikuwa akimngoja Mumbua nje, kando ya ukuta.

"Mama wakili," alisema, "kama si Nzuki, nimdai nani mume wangu? Mzee Kiilu?"

"Nilichofanya ni kuonyesha kwamba si Nzuki," Mumbua akajibu. "Habari za Mzee Kiilu ni za polisi kuchunguza upya, kama watataka. Lakini mama, ungenyamaza juu ya yale maneno ya mumeo, hakuna ambaye angejua. Mbona ukayasema?"

"Ni maneno yake ya mwisho," Ndinda akasema. "Nani mwingine angeyasema?"

Mumbua akamwuliza analala wapi. Ndinda akasema hana ndugu mjini, na gari la Zombe lilikuwa limekwisha kuondoka. Wakaenda pamoja kwa shangazi yake Mumbua, nyuma ya soko, wakala isyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na Ndinda akalala huko.