Msindikizaji wa Mama Pacha

Katika chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Redio, na jina halikumwonea. Ndiyo maana Mama Pacha alipomwomba amsindikize kwenye kikao cha malalamiko, wenzao walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Huyu? Atamnyima hata mwenyekiti nafasi ya kusema!"

Redio alikubali haraka. Alitaka kumsaidia shoga yake, lakini pia alikuwa na hamu kubwa ya kujua mle ndani kunakuwaje.

Malalamiko yenyewe yalikuwa wazi. Mama Pacha aliporudi kutoka likizo ya uzazi, msimamizi alimtoa kwenye meza ya pasi akampeleka chumba cha kuchambua mashuka machafu. Alitaka kurudi kwenye pasi.

Afisa utumishi aliyeongoza kikao alimgeukia Redio kwanza.

"Dada, unaweza kueleza hoja zake, kuuliza maswali, kuandika, na kunong'ona naye. Ila nikimuuliza yeye, asijibu mwingine. Sawa?"

"Sawa, bosi," Redio akasema, akaona ni jambo dogo kama nini.

Alieleza hoja vizuri, bila kutia chumvi. Kisha afisa akamuuliza Mama Pacha, "Umekaa kule miezi kadhaa. Mbona hukulalamika mapema?"

Mama Pacha akainama. Msimamizi, aliyeketi upande wa pili, akaegemea kiti kama mtu aliyeshashinda.

Redio jibu lilimjaa mdomoni: aliogopa! Nani asingeogopa? Akauma ulimi, kalamu ikatoboa karatasi.

"Tunaomba mapumziko kidogo," akasema. Hilo liliruhusiwa.

Kwenye korido akamvamia. "Sema uliogopa, mwaya! Wanaelewa hilo."

"Lakini si kweli." Mama Pacha alifuta macho kwa kiganja. "Msimamizi aliniambia ni kwa muda tu, mpaka nipate nguvu. Nikamshukuru, shoga. Nikawa nangoja aniite. Naona aibu kusema nilimwamini."

Redio, aliyejua habari za kila mtu, hili hakulijua.

"Basi liseme hilo hilo," akamwambia taratibu. "Siwezi kukusemea."

Waliporudi, Mama Pacha alilisema, kwa sauti ndogo lakini mpaka mwisho. Redio akaomba kuuliza swali moja, akaruhusiwa.

"Msimamizi, nguvu zake ulikuja kuzipima lini?"

Msimamizi akakohoa. Akamtazama afisa, akatazama dirisha. "Shughuli zilikuwa nyingi."

Afisa akaandika kwa muda mrefu. Uamuzi ungetolewa kwa maandishi, akasema, na asiyeridhika angeweza kukata rufaa. Lakini mpaka utoke, Mama Pacha arudi kwenye meza ya pasi.

Wakishuka ngazi, Mama Pacha akauliza, "Hivi uliponiambia niseme niliogopa, ningemwogopa nani?"

"Msimamizi, nani mwingine!"

"Yule?" Mama Pacha akacheka mpaka akashika ukuta. "Yule anayekimbia panya stoo?"