Mshororo wa Tano

Kaka yangu Muhiddin alikuwa hayaandiki mashairi yake. Aliyatunga akitembea kutoka Mtoni mpaka mjini, akayaweka kichwani, akamghania rafiki yake Simai, fundi saa wa Darajani, basi. Alipokufa kwa homa mwaka 1967, yote yaliyobaki yalibaki kwa Simai.

Mwezi wa tatu baada ya hitima, klabu moja ya Mkunazini ilifanya kisomo cha mashairi, na Maalim Hamoud akatupeleka sisi wa kidato cha nne. Kila mmoja achague shairi moja, alichambue kwenye safu tatu: mbinu, mfano, athari. Uchambuzi utakaosimama vizuri, shairi lake litapigwa stensili lisomwe na kidato cha tatu. Mfano usiokuwa maneno ya mtunzi mwenyewe, karatasi inarudi.

Simai alighani shairi la Muhiddin la kiti. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Nikaandika ubeti wa mwisho kama nilivyousikia:

Kiti hiki cha mwenzangu, kimebaki barazani
Chatazama ulimwengu, wapitao mitaani
Hakijui la uchungu, wala lililo moyoni
Nikikaa, kiti changu. Nikiinuka, cha nani?
Nikikaa, kiti changu. Nikiinuka, cha nani?

Nyumbani nikajaza safu. Mbinu: takriri. Mfano: mshororo wa mwisho, mara mbili. Athari: inaonyesha mtu asiyeweza kuachana na aliyekufa, nami ilinitoa machozi. Sikuona la kuongeza.

Maalim aliisoma akiwa amesimama.

"Jokha."

"Naam, maalim."

"Hesabu mishororo ya ubeti huu."

"Mitano."

"Na beti nyengine?"

"Minne minne."

"Tarbia yenye mguu wa tano umeiona wapi? Mbuzi wa mazingaombwe?" Darasa likacheka. Akangojea wanyamaze. "Na hapa, machozi. Machozi ni yako, si ya shairi. Niambie neno gani linamliza mtu ambaye hakumjua Muhiddin. Nnakupa mpaka Alkhamisi."

Nikaenda Darajani. Simai alikuwa na kioo jichoni, saa ya mtu imefunguliwa mbele yake.

"Shikamoo, Kaka Simai."

"Marahaba. Umeleta saa au umeleta maneno?"

"Maneno. Ule mshororo wa mwisho uliurudia wewe, au ni wake?"

Akavua kioo. "Wangu. Mghani akifika mwisho huurudia, watu wajue pamekwisha. Beti nyengine sikurudia, si ndiyo?"

"Hukurudia."

"Basi."

"Na yeye alikuwa akiurudia?"

"Muhiddin? Hasha. Akishauliza 'cha nani' alinyamaza, akakutazama. Mara ya kwanza nilidhani amesahau. Nikamwambia, malizia, bwana. Akaniambia, nshamaliza."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nilikasirika. Nilikaa kama mjinga nikitafuta jibu." Akarudisha kioo jichoni. "Kwani Maalim wako anataka nini?"

"Anataka kilichomo."

"Basi mpe hicho. Changu kifute, hakitaniuma."

Niliufuta mshororo wa tano. Takriri ikaondoka nao, na ndiyo niliyokuwa nimeipenda. Nikasoma minne iliyobaki kama ya mtu nisiyemjua, na ilinichukua usiku wa Jumanne na mchana wa Jumatano kufika hapo. Nikaandika upya.

Mbinu: tashihisi. Mfano: "Chatazama ulimwengu", "Hakijui la uchungu". Athari: kiti kinapewa macho, kisha kinanyimwa moyo, msikilizaji anajikuta yeye peke yake pale barazani ndiye mwenye uchungu.

Mbinu: ukinzani na swali. Mfano: "Nikikaa, kiti changu. Nikiinuka, cha nani?" Athari: nusu ya kwanza inampa mtu kiti, nusu ya pili inampokonya. Swali linaulizwa mara moja tu, na shairi linaishia hapo, kwa hiyo anayejibu ni msikilizaji. Lingerudiwa, angepumzika.

Neno "nami" halikuwamo, wala jina la kaka yangu, ila juu, palipotakiwa jina la mtunzi.

Maalim alisoma, akachora mstari chini ya "angepumzika". Akasema, "Hili ndilo neno," akatia karatasi mkobani. Wiki iliyofuata shairi lilitoka kwenye stensili, wino wa zambarau, beti zote za mishororo minne. Beti za mwanzo Simai alikuja kuzisema mbele ya Maalim, pole pole, bila kughani.

Kidato cha tatu nacho kikapewa safu tatu. Maalim alinionyesha karatasi ya kijana mmoja wa Mpendae, jina lake Usi. Kwenye athari ameandika: "Inaudhi. Mtunzi angesema kiti ni cha nani."

"Nimkate alama?" Maalim akaniuliza.

Nikasema asimkate.