Jodari Chini ya Taa

Sahani ilirudi saa saba na dakika ishirini mchana, na aliyeirudisha alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja. Aliiweka kwenye kaunta mbele yangu bila kunitazama usoni.

"Meza ya nne," alisema. "Wanasema kimekauka."

Sikuhitaji kuambiwa. Kipande cha jodari kilikuwa kimekatwa katikati, na nyama yake ilikuwa ya kijivu toka juu hadi chini, na nyuzi zimeanza kuachana. Nilipokitoa kikaangoni kilikuwa kimeiva juu na chini kwa unene wa sarafu tu, na katikati chekundu na baridi. Ndivyo anavyotakiwa samaki huyo, na ndivyo nilivyompika kwa miaka tisa kwenye jiko lile lile la pembeni, karibu na mlango wa friji kubwa. Damu ilinichemka mpaka masikio yakawa ya moto.

"Kilikaa wapi hiki?" nilimuuliza.

Mdogo wangu alianza kupanga leso za karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Mume wake akafika. Huyo ni shemeji yangu, na ndiye mpishi mkuu. Jikoni tunamwita Kocha, kwa sababu hutembea na taulo shingoni akifoka kama mtu aliyesimama pembeni ya uwanja, na timu ikifungwa hajawahi kufungwa yeye. Aliikodolea macho ile sahani, halafu akanikodolea mimi.

"Jana kibichi, leo kikavu," alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa waosha vyombo. "Dada, mkono wako siku hizi hauelewiki. Mimi nitakutetea mpaka lini?"

Kunitetea! Hapo ndipo nilipotaka kumrushia koleo.

Ngoja nieleze, maana bila hili mtu anaweza kudhani nina hasira za bure. Miezi minne iliyopita Kocha alinunua taa ya joto, ile inayoning'inia juu ya kaunta ya kutolea chakula, akatoa amri mbili. Kwanza, sahani zote za meza moja zitoke pamoja. Pili, nyama yoyote ikitoka motoni ipumzike chini ya taa, kwenye sahani iliyopashwa moto. Kwa ng'ombe sina ugomvi naye. Kipande kinene cha ng'ombe kikipumzika kinatulia, maji yake hayamwagiki ukikikata. Lakini jodari wa kubaki mwekundu ndani hapumzishwi. Joto lililoko nje linaendelea kutembea kwenda ndani hata kama moto umezimwa, na ukimweka kwenye sahani ya moto, chini ya taa, unampika mara ya pili. Nilimwambia siku ile ile. Akacheka, akasema, "Dada, nyama ni nyama."

Ningekwenda kwa mwenye mgahawa, mama mtu mzima tunayemwita Bosi. Sikwenda. Mdogo wangu alinifuata stoo, akanishika mkono, akaniomba nisimwaibishe mumewe, maana ukuu ule ndio kwanza ameupata na akirudi nyumbani na kisirani anayekiona ni yeye. Nikamezea. Na nikafanya upumbavu ambao najilaumu hadi leo: nikaanza kuiba sekunde. Badala ya arobaini na tano kila upande nikawa napika ishirini na tano, nikijua taa itamalizia. Siku meza ikiwa na watu wengi na sahani ikachelewa, ilitoka karibu na sawa. Siku sahani ikichukuliwa mara moja, mteja alipata kipande kilichopauka juu na kibichi chini yake, na kikarudi. Hivyo ndivyo ilivyotokea jana. Leo nikasema basi, napika inavyotakiwa, potelea mbali. Taa ikakimaliza. Nilikuwa nimemfunika mwanamume yule kwa jina langu mwenyewe, na sasa analitumia jina hilo kufutia kaunta.

Bosi aliingia kwa mlango wa ukumbini. Si mtu wa kupaza sauti. Alikigusa kile kipande kwa uma, akakiacha.

"Hiki ni cha sita mwezi huu," aliniambia. "Nimevumilia kwa sababu ya miaka yako hapa. Kuanzia kesho utakuwa kwenye mboga. Kikaango cha samaki atapewa mwingine."

Chumba cha mboga kiko nyuma, hakina dirisha, na kazi yake ni kumenya. Nimefanya kazi miaka tisa ili nisimenye tena.

"Bosi, kosa si la kikaango," nilisema. "Ni la taa. Vinakaa pale dakika saba, nane."

"Maneno ya mkosaji," alisema Kocha.

Bosi akamgeukia mdogo wangu, maana yeye ndiye anayebeba. "Sahani za samaki zinakaa muda gani pale?"

Mdogo wangu alimtazama mumewe kwanza. Nililiona jicho lile.

"Zinatoka mara moja," alisema.

Mtoto niliyembeba mgongoni. Ninakiri kwamba kwa dakika hiyo nilimchukia kuliko nilivyomchukia mumewe. Yeye ni mtu baki. Huyu ni damu yangu.

"Sawa," nilisema. "Bosi, nipe robo saa na vipande viwili. Nikishindwa, mboga naanza leo leo."

Bosi alivuta kiti cha plastiki cha waosha vyombo, akakaa.

Nilitoa kwenye friji kubwa pande moja la jodari, nikakata vipande viwili pacha, kila kimoja kikiwa na unene wa vidole viwili. Nikavikausha kwa karatasi mpaka karatasi ikatoka kavu, maana samaki mwenye maji hapati ganda, anachemka tu kwa mvuke wake. Kimoja nikakirudisha kwenye baridi. Kikaango changu ni cha chuma kizito, kile ambacho wengine hawataki kukiinua. Nikakiacha juu ya moto mkali kikiwa kitupu hadi tone la maji likakimbia juu yake likiruka, halafu nikasubiri tena mpaka kikaanza kufuka. Mafuta nikayapaka kwenye samaki, kikaango nikakiacha kikavu. Chumvi dakika ya mwisho.

"Atakayehesabu ni wewe," nilimwambia Kocha. "Tumia saa yako. Usije ukasema nimeiba."

Kipande kilipogusa chuma kilipiga kelele, na moshi ukapanda. Sikukisogeza. Pembeni wekundu ukaanza kupauka kutoka chini, taratibu, unene wa sarafu.

"Arobaini na tano," alisema Kocha kwa kinywa kizito.

Nikakigeuza. Juu kulikuwa na ganda la hudhurungi, zuri. Arobaini na tano nyingine. Nikakibana kwa koleo, nikakisimamisha kwa kingo, sekunde chache kila ukingo, nikakitoa. Nikakiweka kwenye sahani iliyopashwa moto, chini ya taa, kama amri ya mpishi mkuu inavyosema.

"Mdogo wangu," nilisema, "kiangalie. Usikiguse mpaka nikwambie."

Nikafuta kikaango, nikakirudisha motoni kipate joto lake tena. Dakika ya tano nikakitoa cha pili kwenye baridi, nikakikausha tena, nikakipaka mafuta na chumvi. Kikaango kile kile, moshi ule ule, saa ile ile ya Kocha. Arobaini na tano, geuza, arobaini na tano, kingo. Hiki nikakiweka kwenye ubao. Halafu nikakichukua kile cha kwenye taa, nikakiweka kando yake. Kilikuwa kimekaa dakika nane kasoro.

Nikavikata vyote viwili kwa kisu kimoja.

Cha ubaoni kilikuwa chekundu toka ganda hadi ganda, isipokuwa ule ukanda mwembamba juu na chini. Cha kwenye taa kilikuwa kijivu, na katikati umebaki uzi tu wa waridi. Bosi aliinuka akaonja kimoja, akaonja kingine. Alitafuna cha kwenye taa kwa muda mrefu.

"Leo kulikuwa na saa ya kuhesabu," nilisema, nikamgeukia mdogo wangu. "Miezi minne nimekuwa napunguza sekunde ili kosa la mume wako lisionekane, mdogo wangu. Kwa ajili yako. Kila sahani iliyorudi mbichi, niliibeba mimi. Na leo unasema zinatoka mara moja."

Hilo hakulijua. Nililiona likimwingia. Bosi akamuuliza mara ya pili, polepole, sahani za samaki hukaa muda gani.

"Dakika saba," alisema mdogo wangu. "Jumamosi kumi na mbili. Kila siku nilimwambia mume wangu aniruhusu kutoa za samaki kwanza, akasema nikigusa sahani kabla hajaniita atanionyesha."

Alisema akitazama sakafu. Kocha alivua taulo shingoni, akalikunja mara mbili.

"Samaki hapiti kwenye taa tena," alisema Bosi. "Na wewe, ukimaliza zamu njoo ofisini kwangu." Hayo ya mwisho alimwambia Kocha. Mimi hakuniomba radhi. Aliniambia tu meza ya nne bado inasubiri, akatoka.

Kocha alipita nyuma ya mkewe kwenda upande wa jiko la nyama ya ng'ombe. Alisimama kidogo hapo.

"Tutaongea nyumbani," alimwambia.

Sauti yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeagiza vitunguu.

Nikakata kipande kingine cha meza ya nne, nikakiweka kikaangoni. Moshi ukapanda, nikaanza kuhesabu kichwani kama siku zote. Nilipaswa kufurahi. Kikaango kilikuwa changu na kila mtu jikoni alikuwa ameona. Mdogo wangu alisimama upande wa pili wa kaunta, mkono tayari kupokea, na nilikuwa nimejiwekea maneno makali ya kumwambia nikimaliza kugeuza. Thelathini na moja. Thelathini na mbili.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini. "Leo siwezi kurudi kwangu. Naomba nilale kwako."

Nikainua uso. Alikuwa amevaa mikono mirefu, na jikoni mle ni tanuri. Miezi minne alivaa mikono mirefu mbele yangu, na mimi nilikuwa nahesabu sekunde za samaki.

Hesabu ikanipotea. Kipande kilianza kunuka kuungua upande wa chini. Nikakiinua kwa koleo, nikakitupa kwenye pipa, nikapitisha mkono juu ya kaunta nikamshika kiganja.

"Ufunguo uko kwenye mkoba wangu," nilimwambia. "Nenda sasa hivi, usingoje zamu iishe. Sahani ya meza ya nne nitaipeleka mwenyewe."