Sura Iliyokubaliwa

Mafundi wenzake walimwita Timazi, kwa sababu hakuna ukuta wake uliowahi kupinda. Miaka mingi alijenga nyumba za watu, akaweka akiba kidogo kidogo benki, na uvimbe ulipoota kwenye taya akasema akiba si ya kutazamwa. Madaktari walimkata sehemu ya taya la kushoto, wakamwambia akirudi na pesa za upasuaji wa pili watamwekea bamba la chuma, atafune tena kama watu. Ndizo pesa alizokwenda kutoa asubuhi ile, yeye na mkewe.

Karani wa dirishani alipokea kitambulisho. Akakitazama, akamtazama mwenye nacho, akakitazama tena.

"Mzee, vua kofia tafadhali."

Timazi akavua. Haikusaidia kitu. Kwenye picha kulikuwa na mwanamume wa mashavu yaliyojaa na kidevu kipana. Aliyesimama dirishani alikuwa mifupa na ngozi, shavu moja limebonyea ndani, mdomo umevutwa upande.

"Ni mimi," Timazi akasema, ila maneno yalitoka yamejaa mate, na mkewe akalazimika kuyarudia.

"Mama, naomba ajibu mwenyewe," karani akasema, bila ukali. "Weka kidole hapa."

Aliweka cha gumba, akaweka cha shahada, akabadili mkono. Kila mara kile kidude kikawaka taa nyekundu. Saruji ilikuwa imezila alama za vidole vyake siku nyingi kabla ugonjwa haujamla uso. Foleni nyuma ikaanza kuguna. Karani akafunga droo yake na kumwita msimamizi.

Msimamizi alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti na mgumu wa macho. Aliwakalisha kwenye meza ya pembeni, akasoma barua ya hospitali mpaka mwisho, kisha akafungua kwenye kompyuta picha iliyopigwa siku akaunti ilipofunguliwa. Hakuangalia mashavu. Aliangalia masikio, na macho yalivyoachana, na paji la uso.

"Mimi naamini ni wewe," akasema. "Lakini kuamini kwangu hakutoshi, nikikosea nitakuwa nimempa mgeni pesa za mgonjwa. Nitakuuliza maswali."

Akamuuliza akaunti ilifunguliwa tawi gani, nani aliandikwa kuwa mrithi, pesa ya mwisho iliingia kutoka wapi. Akamtaka atie saini, ikafanana na ya kwenye kumbukumbu. Bado akamwita mwenzake naye atazame na kuidhinisha, maana uso ukikataa, mtu mmoja haruhusiwi kuamua. Mkewe Timazi akashusha pumzi. Mambo yalikuwa yamenyooka.

Ndipo msimamizi alipofungua akaunti, akasogeza uso karibu na kioo.

"Laini yako ya simu ilipotea?"

"Ilizimika nikiwa wodini," Timazi akasema. "Tulidhani ni mtandao."

"Haikuzimika. Mtu alimwambia wakala imepotea, akarudishiwa namba yako kwenye laini mpya, ikawekwa kwenye simu nyingine. Huyo mtu akaanzisha namba ya siri mpya, akahamisha pesa za benki kwenda kwenye simu, akazitoa huko. Humu zimebaki za kuzuia akaunti isifungwe tu."

Mke akashika ukingo wa meza. Msimamizi akafunga njia ya simu kwenye akaunti papo hapo, akawaandikia barua, akawaelekeza ofisi ya kampuni ya simu. "Kila laini inaporudishwa wanapiga picha ya uso. Mkisema aliye kwenye picha si mzee huyu, nipeni ripoti yao na ya polisi. Madai yanaanzia hapo."

Ofisi ya simu ilikuwa mtaa wa pili. Kijana wa huduma akampiga picha Timazi ili afungue malalamiko, na mashine ikamkataa. Akampiga nyingine kwenye mwanga mzuri, ikamkataa tena. Kwa barua mbili zile akamkubali kwa mkono, akampigia simu wakala aliyerudisha laini. Wakala akaja mbio, mwanamke mwenye kibanda stendi, na kitambaa cha mwavuli wa kibanda bado mkononi.

"Nilimwuliza kila kitu," akaanza kabla hajakaa. "Tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, namba anazopiga mara nyingi. Kitambulisho kilikuwa chenyewe, si kivuli. Kidole kilikataa, akaniambia yeye ni mwashi. Na sura ilikuwa hiyo hiyo. Hata mashine ilimpitisha."

Kijana akageuza kioo cha kompyuta. "Mzee, huyu unamjua?"

Mashavu yaliyojaa. Kidevu kipana. Masikio yale yale. Hata tabasamu la kubana mdomo, la mtu asiyependa kupigwa picha. Alikuwa Kitinda, mdogo wake, mtoto aliyemlea toka baba yao alipofariki, aliyemfundisha kushika mwiko. Ndiye aliyelala naye hospitali, ndiye aliyeshika pochi yake ili akalipe dawa. Amevaa hata shati lake.

Mkewe aliona pia. Alimwachia yeye, kwa kuwa damu ilikuwa yake.

"Ukisema si wewe," kijana akaendelea, "picha hii inakwenda polisi leo hii. Wakala naye anafungiwa mpaka kesi iishe. Ukisema ni wewe, basi, hakuna wizi. Malalamiko yanafungwa."

Timazi alitazama picha mpaka kioo kikazimika chenyewe, kijana akakigusa kikawaka tena.

"Ni mimi," akasema.

"Tarehe hii barua ya hospitali inasema ulikuwa umelazwa."

"Nilitoroka kidogo."

"Na taya?"

"Hawakuwa wamelikata."

Kijana akamtazama mke. Mke akatazama ukuta. Basi kijana akaandika, akachapa, akampa Timazi karatasi ya kutia saini, na Timazi akatia. Wakala akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mungu akubariki, baba. Nina watoto." Alimshukuru kwa dhati, na hilo ndilo lililomuuma Timazi kuliko yote.

"Kuhusu laini," kijana akasema, "siwezi kukurudishia leo. Umesema mwenye sura hii ndiye wewe, na mashine inasema wewe siye huyu. Nenda ukapige picha mpya ya kitambulisho, kisha urudi."

Njiani mkewe alitangulia. Alipogeuka alisema mara moja tu. "Umemficha. Sawa. Utakula nini, na utakila na nini?"

Kitinda alikuja jioni na machungwa kwenye mfuko, akamsalimia shemeji yake, akakaa karibu na mlango.

"Benki wamesemaje, kaka?"

"Pesa zimetoka kwenye simu."

Kitinda akainamisha kichwa. "Wanamjua aliyezitoa?"

Timazi alimtazama. Alisubiri. Kama angeanza yeye, hata kwa nusu neno, angemwambia kaa, tuyamalize. Mkewe naye alisimama na sufuria mkononi, akisubiri.

"Wameandika ni mimi," Timazi akasema.

Mabega ya Kitinda yakashuka, yakalegea kabisa, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Hawa watu wa benki," akasema, akitikisa kichwa, "uzembe tu." Akaanza kumenya chungwa. Akamkatia kaka yake kipande kidogo, laini, asichohitaji kutafuna.

Mkewe Timazi akaweka sufuria chini, akaenda kulala chumba cha watoto. Tangu siku hiyo huko ndiko anakolala.