Ardhi ya Magu

Ndalahwa alikusudia utani wa mita moja tu. Angeupima vizuri, labda Winnie asingefukuzwa.

Alikuwa mpishi wa rangi katika kiwanda kidogo cha Mzee Machibya kule Nyakato, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikamwagwa mjini mpaka wachapaji wa vitambaa wakaanza kuhesabiana siku. Chuo cha ufundi alikiacha mwaka wa pili. Hakuna aliyekuwa salama na mdomo wake.

Winnie Mayala alikuwa mchoraji mpya, na alivumilia utani. Mchana mmoja alimfunulia Ndalahwa kitabu cha sampuli.

"Hii ni ditsi. Vimaua vidogo vimetupwa-tupwa kila upande, havina juu wala chini. Haya mawaridi makubwa kwenye kitambaa kinachong'aa, chinsi. Hii ya watu na miti kwa rangi moja, twali. Fundi akiikata ovyo, watu wote wanasimama kwa vichwa."

"Na haya majani ya mgomba?"

"Tropiko."

"Kumbe mama yangu analima tropiko, na hana habari."

Winnie alicheka, kisha akagonga ukurasa. "Sikiliza basi. Ua ni lilelile. Likiwa kubwa linakuita toka ng'ambo ya barabara. Likiwa dogo linataka usogee. Halafu ardhi ndiyo inayosema leo ni harusi au ni msiba."

"Ardhi?"

"Rangi ya chini, ile maua yamekaa juu yake."

Mchoro wake wa kwanza ulikuwa ditsi ya maua ya pamba, kila ua kama ukucha wa kidole cha mwisho. Mengine rangi ya maziwa, mengine ya waridi, maana ua la pamba hufunguka jeupe, kesho yake likawa jekundu-jekundu. Ulikuwa wa sare ya harusi ya binti wa Mama Kija, mfanyabiashara wa Magu. Mzee Machibya alishasema wazi: Mama Kija akiridhika, Winnie anabaki, asiporidhika, michoro itanunuliwa nje.

Kwenye kadi ya oda Winnie aliandika kwa haraka: *Ardhi: ya Magu*. Alimaanisha ule ukijani uliopauka waliokwisha kukubaliana na Mama Kija. Ndalahwa alilijua hilo. Siku ya makubaliano alikuwepo, ndiye aliyepaka sampuli. Lakini kila mtu anajua udongo wa mbuga za Magu ulivyo. Mweusi tii.

Akapika ndoo ya nyeusi, akampelekea Otuoma, mwendesha mashine. "Mimina kwenye skrini ya ardhi. Kadi inasema hivyo."

Skrini za maua, zile nyavu za kupitishia rangi, hazikuguswa. Ni ile moja tu, inayojaza nafasi kati ya ua na ua. Ndalahwa alitaka itoke mita moja, Winnie arudi toka mjini, apige kelele, wacheke. Akaenda kula bila kumwambia Otuoma aishie wapi. Aliporudi, Otuoma alikuwa ameshachapa oda nzima.

"Imetoka safi, bwana," Otuoma alisema. "Kama nyota."

Mama Kija alikunja uso alipofungua jora. Alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Mwanangu," alimwambia Winnie taratibu, "hapa mnamzika nani?"

Mzee Machibya aliinua kadi. "Mwandiko wa nani?"

"Wangu, mzee."

"Nani mwingine alijua rangi yenyewe?"

Winnie hakumtazama Ndalahwa. Alimwachia nafasi. Ilikuwa ndefu, ya kutosha maneno mawili, na Ndalahwa, ambaye hakuwahi kukosa neno, akainama kufunga kamba ya kiatu.

Kitambaa kilinunuliwa baadaye na akina mama wa kanisa, wakakifanya sare ya misiba. Watu wakakisifu. Kila sifa ilimchoma.

Ilimchukua miezi minane kupata uso wa kuupika tena ule ukijani uliopauka. Akachapa mita mbili za yale maua ya pamba, akazipeleka Butimba, ambako Winnie alikuwa akishona mashuka nyumbani kwa dada yake.

Winnie alikikagua kitambaa karibu na macho. "Umeipata rangi."

"Niliijua tangu mwanzo."

"Najua uliijua."

"Winnie, nilitaka kusema."

"Ulikuwa na kiatu." Hakusema kwa hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Asante kwa kuleta. Nitakitundika dirishani, jua linanipiga nikishona."

Alikitundika palepale, akarudi kwenye cherehani. Ndalahwa aliaga, akatembea mpaka njia panda, akageuka. Alitaka kuyaona yale maua, mara moja ya mwisho, yakiwa kwenye ardhi yake. Lakini ilikuwa ditsi, na yeye alishafika mbali. Dirishani aliona kitambaa kitupu, cha kijani kilichopauka.