Newtoni Hamsini

Fedha za parokia zilipofika, Rozalia ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kutafuta majaketi okozi ya kikundi. Hakuna aliyeuliza kwa nini yeye. Alikuwa katibu wa kikundi cha wavuvi wa dagaa pale Kibirizi, mwalo wa mitumbwi mjini Kigoma, anajua kuandika vizuri, na mwezi wa tatu ziwa lilikuwa limemchukua mwanawe, Castory, kijana wa miaka ishirini na miwili.

Mwenyekiti, Mzee Leodgar, alimpa wiki mbili. "Wavuvi arobaini, Mama Castory. Tafuta jaketi zuri, tununue, watu warudi kazini kwa amani."

Bado alimwita Mama Castory. Watu wote walimwita hivyo, na kila walipomwita alikuwa akijikaza kabla ya kuitika.

Jioni hiyo, nyumbani kwake Gungu, Rozalia alichukua simu akafungua ile programu ya akili mnemba ambayo binti wa dada yake alimwekea ili imsaidie kuandika barua za kikundi. Akaandika polepole: alikuwa amesikia majaketi ya aina nne, moja la sponji la rangi ya chungwa linalouzwa Mwanga, papo hapo mjini, mawili ya sponji nene yanayouzwa Dar es Salaam, na moja linalojijaza hewa kwa mtungi mdogo wa gesi. Akaomba atengenezewe jedwali la kuyalinganisha: nguvu ya kuelea, kama linamgeuza uso juu mtu aliyezimia, matunzo, bei, na mahali linapopatikana.

Jibu lilikuja kabla hajameza mate. Mistari minne, safu tano, visanduku ishirini vyote vimejaa, hakuna hata kimoja kilichoachwa wazi. Jaketi la Mwanga: nguvu ya kuelea newtoni mia moja. Linamgeuza mtu uso juu: Ndiyo. Bei ya chini kuliko yote. Linapatikana Kigoma. Chini kabisa kulikuwa na sentensi moja kwamba takwimu hizi zithibitishwe na muuzaji kabla ya kununua.

Kesho yake alimwonyesha Mzee Leodgar. Mzee alivaa miwani, akasoma, akairudisha simu kwa furaha. "Si hili hapa? Rahisi, liko karibu, na linafanya yaleyale ya wenzake. Arobaini wote wanapata na chenji inabaki."

"Linaonekana hivyo," Rozalia alisema. Alilijua lile jaketi. Ndilo alilomnunulia Castory mwaka jana dukani kwa Wilfred, Mwanga, akamwapisha mbele ya picha ya Mama Maria kwamba hataingia majini bila kulivaa. Castory alitimiza. Walimtoa majini akiwa amelivaa, limefungwa vifundo vyote vitatu.

Kama jedwali lilikuwa linasema kweli, basi kwa nini mwanawe alikufa?

Hakumuuliza mzee swali hilo. Alisema tu, "Nipe muda nihakiki. Kisanduku kimoja kimoja."

"Vyote ishirini?"

"Vyote ishirini, mzee wangu. Kimoja kikiwa uongo, ni mtoto wa mtu."

Akanunua daftari, akachora jedwali lile kwa rula, na pembeni ya kila kisanduku akaacha nafasi ya alama: vema, kosa, au alama ya kuuliza.

Alianza na rahisi. Aliirudia ile programu akaiuliza ile namba, newtoni mia moja za jaketi la Mwanga, imeitoa wapi. Ikamjibu kwamba haina chanzo cha uhakika cha namba hiyo, kwamba majaketi yanayofanana hutofautiana, na kwamba njia bora ni kusoma lebo iliyoshonwa ndani ya jaketi lenyewe. Ikaomba radhi. Rozalia aliitazama ile radhi kwenye kioo cha simu kwa muda mrefu. Akaweka alama ya kuuliza, akaendelea.

Akapiga simu kwenye duka la Dar es Salaam, na mwenye duka alikuwa mtu wa subira. Alimtumia picha za lebo za majaketi yake mawili, moja baada ya jingine. La kwanza, newtoni mia moja: vema. La pili, newtoni mia moja hamsini: vema. Bei za yote mawili zilikuwa zimepanda, kwa hiyo visanduku viwili vikapata kosa. Jedwali lilisema la pili linapatikana Kigoma. Mwenye duka alicheka. "Mama, Kigoma sijawahi kupeleka hata moja. Litakuja kwa basi." Kosa. Kuhusu lile la gesi, jedwali lilisema halihitaji matunzo. Yule mtu akaacha kucheka. "Nani kakwambia? Kila likijijaza hewa, mtungi unabadilishwa. Na hata usipofyatuka unahitaji kukaguliwa. Huko kwenu mitungi mtaipata wapi?" Kosa, na mstari mzima ukafutwa.

Siku nne zikapita. Daftari likajaa alama. Vikabaki visanduku vichache, na kimoja Rozalia alikuwa akikizunguka kama mtu anayezunguka shimo, nacho ni cha nguvu ya kuelea ya jaketi la Mwanga, kilichohitaji lebo. Alikwenda dukani kwa Wilfred akakuta yameisha, mzigo mpya unasubiriwa. Jaketi la aina ile lililokuwa karibu lilikuwa chumbani kwake, chini ya kitanda, kwenye mfuko wa nailoni ambao alipewa hospitalini pamoja na nguo za marehemu. Tangu mwezi wa tatu hakuwahi kuufungua.

Aliufungua asubuhi, mlango ukiwa wazi, jua likiingia. Harufu ya ziwa ilitoka kwanza, kisha ya mafuta ya taa ya karabai. Alikaa sakafuni akiwa amelipakata lile jaketi, akalia mpaka kifua kikauma.

Alipotulia alifunua upande wa ndani. Lebo ilikuwa imechakaa kwa maji lakini ilisomeka. Newtoni 50. Chini yake, kwa Kiingereza, maneno ambayo mwaka jana hakuyasoma kwa sababu alikuwa akitazama bei: kifaa hiki ni cha kumsaidia anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Si jaketi okozi. Hakitamgeuza uso juu mtu aliyepoteza fahamu.

Akaandika kosa. Aliikandamiza penseli hadi ikavunjika.

Alikuwa bado na kisanduku cha pili cha mstari uleule, cha kugeuza, na alitaka kuona kwa macho yake. Akaenda Kibirizi akamtafuta Ndayisenga. Huyu alikuwa Mrundi, mtu mzima wa miaka arobaini, aliyekuwa kwenye mtumbwi mmoja na Castory siku ile na akapona. Tangu mazishi alikuwa akimkwepa Rozalia. Akimwona anakuja, anakumbuka kazi nyingine.

"Shikamoo, mama," alisema sasa, macho chini, ingawa umri wao haukupishana sana.

"Marahaba. Nina ombi. Vaa hili, uingie majini, ulale kifudifudi ujilegeze kama umezimia. Nataka kuona kama litakugeuza."

Ndayisenga alilitazama jaketi, akalitambua. Kisha akalivaa, akafunga vifundo vitatu, akaingia mpaka maji ya kifua. Akajilegeza.

Mgongo wa rangi ya chungwa ulielea juu vizuri, ukipanda na kushuka na mawimbi madogo. Uso ulibaki ndani ya maji. Rozalia alihesabu mpaka kumi, mpaka kumi na tano. Hakuna kilichogeuka. Ishirini, na Ndayisenga akainuka akitweta, maji yakimtoka puani.

Alitoka akaja kusimama mbele yake, akaanza kulia kama mtoto.

"Mama, nilishindwa kukuambia. Dhoruba ilipotupindua, mti wa kutundikia taa ulimpiga kichwani. Tulikuwa watano majini na wengine hatukuwa na jaketi. Tuliliona lake limeelea. Tukasema, Castory yuko salama, ana jaketi, tumshike kwanza yule anayezama. Tulimwacha wa mwisho, mama. Kwa sababu ya jaketi. Ihangane, mama. Ihangane."

Alimwomba avumilie kwa Kirundi, kwa sababu Kiswahili kilimwishia.

Rozalia alitaka kumpiga. Alitaka pia kumkumbatia. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Alikaa kwenye mchanga uliolowa, gauni likaloa, akatazama magamba ya samaki wa migebuka yaking'aa miguuni mwao. Mwishowe alisema, "Hukumwacha wewe. Mimi ndiye niliyelinunua."

"Hukujua."

"Nilikuwa na lebo mkononi, Ndayisenga."

Mwenye duka wa Dar alikubali kutuma jaketi moja la newtoni mia moja hamsini kwa majaribio. Lilipofika, Ndayisenga aliingia tena majini, safari hii mbele ya kikundi chote. Akalala kifudifudi, akajilegeza. Kabla Rozalia hajahesabu tano, jaketi lilimviringisha na uso ukatazama juu. Watu wakapiga makofi. Rozalia aliweka vema kwenye kisanduku cha mwisho, na moyo wake ukavunjika upya, kwa sababu sasa alijua kwamba jambo lile linawezekana. Ni sekunde tano tu.

Mzee Leodgar alilisoma daftari lote, kisanduku kwa kisanduku, akivua miwani na kuivaa tena. "Kwa bei hii tunapata ishirini na sita," alisema. "Wengine kumi na wanne?"

"Wanangoja zamu. Mtumbwi hautoki mpaka kila aliyemo awe amevaa."

"Ni nene. Vijana watasema linawazuia kuvuta wavu."

"Litawazuia, na hilo nimeliandika pia. Wataliona zito na watanichukia. Sawa."

Mzee akaweka sahihi.

Ilibaki kazi moja ambayo haikuwa ndani ya jedwali. Katika mwalo wote kulikuwa na wavuvi tisa waliovaa yale majaketi ya Mwanga, na wengi wao waliyanunua baada ya msiba, mama zao wakisema, Castory angalau alikuwa nalo, mwili ulipatikana. Rozalia aliandika majina yao tisa kwenye ukurasa mpya. La kwanza lilikuwa la mtoto wa Wema, mama aliyeishi Kasingirima.

Alikwenda kwa miguu, lile jaketi la mwanawe amelikunja kwapani. Wema alikuwa uani akianika nguo. Alimwona mgeni, akaona alichobeba, akaachia kanga ikaanguka chini.

"Karibu, Mama Castory. Kuna nini?"

Rozalia alijikaza, kisha akaitika. Akageuza jaketi ndani nje ili lebo iwe juu. "Mwanao yuko nyumbani?" aliuliza. "Mwite. Kuna maneno hapa nataka tuyasome pamoja."